Dokezo la Mahindi la Msowero: Namna ya Kulipima Kabla ya Kutoa Fedha

"Kaka, mahindi huku yameshuka sana, gunia ni 50,000. Tuma hela tununue, Januari tunauza 78,000."

Kila mavuno ya masika yanapoisha, madokezo ya namna hii hutoka Msowero kwenda kwa wenye mitaji walioko Morogoro mjini na Dar es Salaam. Kijiji kipo kwenye barabara ya Dumila kwenda Kilosa, malori hupita, na anayeandika mara nyingi hasemi uongo. Bei imeshuka kweli kwa sababu kila nyumba inauza kwa pamoja, na miaka mingi huwa imepanda ifikapo Januari. Udhaifu wa dokezo hili upo kwingine. Limemweleza mwenye fedha kitakachotokea mambo yakienda vizuri, halijamweleza la kufanya yakienda vibaya. Akilikubali, anakuwa ameingia kwenye biashara isiyo na mlango wa kutokea.

Ninachokitafuta kwanza ninapolisoma dokezo la biashara ni hiki: je, mtu mwingine anaweza kulitekeleza mwandishi akiwa hapatikani kwenye simu? Dokezo zuri linambana mwandishi wake. Linataja bei ya kuingilia, bei ya kutokea kwa hasara, bei ya kutokea kwa faida, na jambo ambalo likitokea wazo zima limekufa hata kama bei bado haijasogea. Haya manne hutajwa na wengi. Wachache ndio huyaandika kwa namna inayoweza kupimwa. Bei nitakazotumia hapa ni za mfano, nimezichagua ili hesabu ionekane. Badala yake weka za msimu wako.

Tuanze na kuingia. "Gunia ni 50,000" ni kauli isiyo na maana mpaka tujue gunia lipi. Debe lililojazwa hadi kilima hubeba kilo 18 hivi, na gunia la lumbesa la debe saba hupita kilo 120. Mtu aliyenunua lumbesa kwa 50,000 amelipa kama shilingi 415 kwa kilo. Aliyenunua kilo 100 za mizani kwa bei hiyohiyo amelipa 500. Wakala wa Vipimo wanaikataza lumbesa, na mwenye fedha naye ana sababu yake ya kuikataa: haimpi namba anayoweza kuilinganisha na soko la Tandale au Kibaigwa, ambako bei hutajwa kwa gunia la kilo 100. Kwa hiyo dokezo lisilotaja kilo na mizani mimi silisomi hadi mwisho. Nalirudisha lirekebishwe kwanza.

Jambo la pili kwenye kuingia ni ukavu. Mahindi ya kuuzwa Januari lazima yalale miezi mitano au sita, na kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kipimo cha vijijini ni chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Unatia punje, unatikisa kwa dakika chache, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Ila kipimo hiki hugundua unyevu wa asilimia 15 kwenda juu tu. Mahindi ya asilimia 14.5 hupita kwenye chupa kisha yakaota ukungu ndani ya mfuko wa PICS, kwa sababu mfuko huo huzuia hewa. Huua dumuzi na fukusi kwa kuwanyima hewa, lakini haukaushi chochote. Dokezo la mtu anayeijua kazi litasema mzigo utapimwa kwa chupa, kisha uanikwe siku mbili zaidi juu ya turubai kabla ya kufungwa, au litasema nani ana kipima unyevu na atakuja lini.

La tatu ni kwamba bei ya kuingilia huandikwa kama dari, pamoja na tarehe ya mwisho. "Nunua sasa" humwachia mnunuzi wa kijijini afukuzie bei ikianza kupanda, na mtu aliyekwisha kupokea fedha za mwenzake huona aibu kuzirudisha. "Usizidishe 46,000 kwa kilo 100, hadi 31 Agosti" humwondolea aibu hiyo. Akikosa, ametii.

Sasa tufike mahali ambapo madokezo mengi hufa, yaani kikomo cha hasara. Tumchukue kijana aliyeelewa nusu ya somo. Anaandika: kuingia 50,000, kutoka kwa hasara 44,000, lengo 78,000. Anajumlisha kwa furaha: ninahatarisha 6,000 kutafuta 28,000, faida ni karibu mara tano ya hasara. Mwenye fedha akiisoma hesabu hiyo harakaharaka, atatuma hela siku hiyohiyo.

Ila mahindi hayalali stoo bure. Juu ya ile 50,000 weka ushuru wa halmashauri, tuseme 1,500. Mfuko wa PICS 5,000. Kubeba, kushona na kupanga 1,500. Kodi ya stoo kwa msimu 2,000. Gunia limefika 60,000 kabla halijamaliza hata usiku mmoja ndani. Bei ikishuka hadi 44,000 akauza, amepoteza 16,000, siyo 6,000. Ikifika 78,000 akauza, amepata 18,000, siyo 28,000. Ile faida ya mara tano imebaki kuwa karibu sawa na hasara. Kwa uwiano huo, wazo lake lazima lipatie karibu misimu mitano kati ya kumi ili tu arudishe alichotoa, na hapo hatujaihesabu riba kama mtaji ni wa mkopo.

Ndiyo maana nikitaka kujua kama mwandishi ameiva, naitafuta namba moja tu: gharama ya gunia likiwa ndani ya stoo. Ikiwepo, naendelea kusoma. Isipokuwepo, najua kwamba hasara iliyoandikwa pale ni ndogo kuliko ile itakayotokea, na faida ni kubwa kuliko ile itakayopatikana. Makosa hayo mawili yanasukuma upande mmoja, yote yanalipendezesha wazo.

Wapo wanaojaribu kuponya hesabu hiyo kwa kukisogeza kikomo karibu. Wanaandika 49,000 ili hasara ionekane ndogo. Lakini bei ya Msowero hucheza shilingi elfu moja au mbili ndani ya wiki kwa sababu tu malori mawili hayakuja, au kwa sababu ada za shule zimewasukuma watu wauze. Kikomo cha 49,000 kitaguswa wiki ya kwanza bila wazo kuwa na kosa lolote. Mahali pa kikomo hapachaguliwi kwa kuangalia hasara unayoipenda. Panachaguliwa kwa kuuliza ni bei gani ingeonyesha kwamba fikra yenyewe ni ya uongo. Fikra hapa ni kwamba bei ya mavuno ndiyo sakafu ya mwaka, na kwamba baada yake itapanda. Kwa hiyo kikomo kinakaa chini ya sakafu hiyo. Kama wakati wa mavuno watu walikuwa wakiuza kati ya 43,000 na 46,000, halafu Oktoba, shehena ya mavuno ikiwa imekwisha kutoka, bei inakuwa 41,000, basi kile tulichokitegemea hakipo.

Hesabu ya kijana wetu basi inaponywa kwa kushusha dari ya kununulia na kupunguza gharama. Dari iwe 46,000. Ushuru wake utakuwa 1,400 hivi. Mfuko wa PICS usiotobolewa hutumika hadi misimu mitatu, kwa hiyo msimu mmoja tunauhesabia 2,000. Kubeba 1,500, stoo 2,000. Gunia ndani ya stoo linakuwa 53,000. Kikomo 41,000, hasara 12,000. Lengo 78,000, faida 25,000. Sasa faida ni mara mbili ya hasara na kitu juu, na namba hiyo haijapakwa rangi.

Hata hivyo bado kuna pengo moja, nalo ndilo linalotofautisha soko la mahindi na soko la sarafu la kwenye simu, ambako amri ya kuuza hujitekeleza yenyewe. Msowero hakuna amri ya namna hiyo. Bei ikifika 41,000, mtu lazima apige simu, apate mwenye lori, wakubaliane, wapime, wapakie. Hupita wiki, na wiki hiyo wauzaji wengine nao wanahangaika kuuza. Mwenye lori analiona hilo. Atatoa 38,000. Hasara ya kweli ni 15,000 kwa gunia, na hiyo ndiyo inayopaswa kuamua idadi ya magunia. Mwenye mtaji akisema msimu huu anaweza kupoteza 450,000 bila kuyumba, mgawanyo kwa 15,000 unampa magunia 30. Angegawanya kwa 12,000 angenunua 37, na siku ya hasara angeshangaa imezidi alichokubali. Katika dokezo zuri, idadi ya magunia haitokani na fedha iliyopo. Inatokana na hasara inayovumilika, ikigawanywa kwa hasara ya gunia moja kwa bei ya kutokea ambayo lori litatoa kweli.

Kwa sababu hiyohiyo, kikomo lazima kieleze kitapimwaje. "Bei ikishuka chini ya 41,000" inazua ubishi: bei ya nani? Mkulima mmoja mwenye shida anaweza kuuza kwa 39,000 huku wengine wote wakishikilia 45,000. Napenda dokezo linalosema: kila Jumamosi waulizwe wanunuzi watatu wa malori, ichukuliwe bei ya katikati, na ikiwa chini ya 41,000 Jumamosi mbili mfululizo, mzigo wote uuzwe ndani ya siku saba. Mwandishi wa namna hii amekwisha kuiwaza siku mbaya.

Kuhusu lengo nitasema machache, kwa sababu ndilo jambo ambalo kila mtu hulifikiria bila kusukumwa. Lisiwe namba iliyopatikana kwa kukumbuka mwaka mmoja mzuri. 78,000 ya stoo Msowero inatakiwa itokane na bei ya mbali kidogo: kama bei ya jumla Dar es Salaam ni 92,000, na usafiri, upakiaji, ushushaji na faida ya mwenye lori vinakula 14,000, basi 78,000 inawezekana. Wizara ya Viwanda na Biashara hutangaza bei za jumla za mazao kwa gunia la kilo 100 kwa mikoa mbalimbali, Dar es Salaam na Morogoro zikiwemo, kwa hiyo mwenye fedha anaweza kulifuatilia lengo akiwa kwake bila kumuuliza mtu. Na lengo liambatane na tarehe. Mzigo ambao hadi 15 Februari haujafika 78,000 wala haujagusa 41,000 uuzwe kwa bei iliyopo, maana mahindi ya vuli yanaingia sokoni na kila mwezi wa ziada unataka kodi nyingine ya stoo.

Sasa twende kwenye sharti la kubatilisha, ambalo kwangu ndilo linaloonyesha kama mwandishi anaielewa biashara yake au anaiota. Kosa la kawaida ni kukirudia kikomo kwa maneno mengine: "Wazo litabatilika bei ikishuka sana." Hilo halijaongeza kitu. Kikomo kinaitazama bei, sharti linaitazama sababu. Kama nimenunua kwa kuamini kwamba mahindi yatatoka kwenda Dar es Salaam, Kibaigwa na kuvuka mpaka kwenda Kenya, basi sharti langu linahusu njia hizo. Njia ikifungwa, natoka hata kama siku hiyo bei bado ni 60,000 na wote wanacheka. Faida yake ni hiyo hasa: mara nyingi sababu hufa kabla ya bei, na anayeitazama sababu hutoka wakati bado wapo wa kumuuzia.

Mfano mkubwa kuliko wote kwa wakulima wa nchi hii ni mbaazi, zao ambalo Kilosa nao hulilima. Msimu wa 2015/16 bei ilipaa kwa sababu India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, ilipata mavuno mabaya. Watu wengi wakapanda na wengine wakaweka akiba wakingoja zaidi. Agosti 2017 serikali ya India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje, na huku kwetu kilo iliyokuwa ikiuzwa kwa maelfu ikaangukia shilingi mia chache, mahali pengine bila mnunuzi kabisa. Mwenye kikomo cha bei peke yake hakusaidika sana, kwani kutoka kwa bei fulani kunataka awepo mtu wa kununua kwa bei hiyo.

Lakini uangalie mpangilio wa matukio. Bei nzuri ya 2015/16 iliwafanya wakulima wa India nao wapande kwa wingi, na mavuno yao ya 2016/17 yakavunja rekodi. Mapema 2017, miezi kadhaa kabla ya tangazo la Agosti, bei katika masoko ya India ilikuwa imeshuka chini ya bei ya chini inayolindwa na serikali yao, ambayo pamoja na bonasi ilikuwa rupia 5,050 kwa kilo 100. Serikali inayoona wakulima wake wanauza chini ya bei iliyowaahidi haiwezi kuendelea kuacha mlango wazi kwa mbaazi za nje. Mfanyabiashara aliyeandika "nikiona bei ya India iko chini ya bei yao ya serikali kwa wiki nne, nauza yote" angekuwa ametoka mapema, akipata bei ya kawaida, huku wenzake wakiendelea kungoja ya 2015. Sharti hilo lilikuwa mstari mmoja, na lilihusu mahali ambapo bei ilikuwa inatengenezwa hasa, mbali na Kilosa.

Mahindi nayo yana masharti ya aina hiyo, na mawili yamekwisha kutokea. Juni 2017 serikali yetu ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na msimu uliofuata wenye akiba waliumia. Machi 2021 upande wa pili ndio uliofunga: tarehe 5 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha tarehe 10 ikayaruhusu tena kwa masharti, likiwemo cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi kiwango kilichowekwa. Matukio haya mawili yanafundisha jambo ambalo madokezo mengi huliacha. Zuio la 2021 lilikaa siku chache. Mtu aliyeandika "mpaka ukifungwa natoka siku hiyohiyo" angeuza katikati ya hofu, siku tano kabla mlango haujafunguliwa. Kwa hiyo sharti zuri linataja pia muda: zuio likipita siku kumi bila kulegezwa, uza. Siku kumi si namba takatifu, ila lazima iandikwe siku, tena iandikwe Agosti wakati kichwa kimetulia.

Kuna wanaoorodhesha masharti kumi na mawili, wakidhani wingi ni umakini. Dokezo la namna hiyo haliwezi kufuatiliwa na yeyote, na siku moja sharti la tisa litatokea bila mtu kulikumbuka. Mawili au matatu yanatosha, mradi yawe yale yanayoshikilia wazo. Kwa mahindi ya Msowero mimi ningechagua mpaka, vuli, na akiba ya serikali. Mpaka tumeuona. Akiba ni ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ambao bei inapopanda mno wanaweza kupeleka mahindi ya bei nafuu wilayani, kama walivyofanya mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023. Yakianza kuuzwa Morogoro kwa bei iliyo chini ya lengo langu, lengo hilo ni ndoto, na nitalishusha au nitoke.

Vuli inataka maelezo kidogo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kabla ya Oktoba, na kaskazini mwa Mkoa wa Morogoro huwekwa pamoja na pwani ya kaskazini. Mwelekeo wa mvua za juu ya wastani haubatilishi wazo peke yake, kwa sababu mvua nyingi zaweza pia kuharibu barabara na mashamba ya bondeni. Kinachobatilisha ni shamba lenyewe. Kama katikati ya Desemba mahindi ya vuli kati ya Msowero na Rudewa yanatoa mbelewele yakiwa na kijani kizito, mavuno yapo njiani, na ile bei ya Februari niliyoitegemea imekwisha kuliwa. Sharti hili lina uzuri wa pekee: mwenzangu wa Msowero analiona kwa macho akipita na pikipiki, na mimi niliye mjini siwezi kulibishia.

Unyevu, dumuzi na wizi wa stoo siviweki hapa. Hivyo vinaharibu mali, haviharibu wazo, na dawa yake ni kufungua mfuko mmoja wa mfano kila mwezi na kubadili mlinzi. Dokezo linalovichanganya na sharti la kubatilisha humfanya msomaji auze mahindi mazuri kwa sababu mfuko mmoja ulitobolewa na panya.

Tukiyaweka pamoja, dokezo ambalo ningelitolea fedha lingesomeka hivi:

"Kaka, shikamoo. Naomba tununue magunia 30 ya mahindi, kilo 100 kwa mizani, yaliyopita kipimo cha chumvi na kuanikwa siku mbili zaidi. Dari ni 46,000, mwisho wa kununua 31 Agosti. Pamoja na ushuru, sehemu ya mfuko, kubeba na stoo, gunia litasimama kwa 53,000. Fedha itakayotoka leo ni 56,000 kwa gunia, kwa kuwa mifuko tunainunua mipya. Nategemea bei ipande shehena ya mavuno ikiisha, mzigo ukielekea Dar na mpakani. Tukifika 78,000 stoo, tunauza. Hadi 15 Februari tusipofika, tunauza kwa bei iliyopo. Kila Jumamosi nitauliza malori matatu na kukutumia bei ya katikati; ikiwa chini ya 41,000 mara mbili mfululizo, nauza ndani ya siku saba bila kukuuliza, na nakadiria tutapata 38,000, yaani hasara ya 450,000 kwa mzigo wote. Bila kujali bei, nauza pia kama mpaka utafungwa zaidi ya siku kumi, au NFRA wataanza kuuza Morogoro chini ya 78,000, au mahindi ya vuli huku yatakuwa yametoa mbelewele vizuri ifikapo 15 Desemba. Haya matatu nitayaangalia mimi."

Liangalie tena kwa jicho la mwenye fedha. Sentensi ya hasara imetaja jumla, 450,000, na haikujificha nyuma ya "kwa gunia". Maneno "bila kukuuliza" yamehamisha uamuzi kutoka siku ya hofu hadi leo. Na kila sharti lina mtu wa kuliangalia. Hakuna pambo, na mtu asiyejua mahindi angeweza kulisimamia.

Kipimo cha mwisho huja baada ya dokezo kutumwa. Lihifadhi kama lilivyo kwenye Watsapu, usikubali lihaririwe. Mwandishi akikuandikia Oktoba kwamba 41,000 imeguswa lakini "tusubiri kidogo, malori yanakuja wiki ijayo", jua kwamba sasa unasoma dokezo jipya lisilo na kikomo, na lipime upya kana kwamba huna gunia hata moja: je, kwa bei ya leo na sababu za leo ungenunua? Kikomo kinaruhusiwa kusogezwa upande mmoja tu, juu, bei ikiwa imepanda. Mwandishi aliyekisogeza chini mara moja, msimu ujao mpe nusu ya magunia.

Na usione fedha zimekaa bure kama dari haikupatikana. Ikifika 31 Agosti bei ya Msowero bado iko 50,000, hesabu yetu ya mwanzo imekwisha kuonyesha kwamba kwa bei hiyo hatari na faida zinakaribia kulingana. Usinunue mwaka huo. Acha fedha benki, na umshukuru mwenzako wa Msowero kwa kutonunua hata gunia moja.